Beti nne kwa asubuhi nne: Neno kwa wafinalisti wetu

 

Orsesyo imepita. Watoto wetu wa kalasi ya sita wameandika desertasyo, wamejibu Kifaransa kwa mdomo mbele ya mwalimu, na wale wa ufundi wamefanya kazi ya mikono. Sasa imebaki eksameni yenyewe ya Leta, ile ya siku nne. Kuna siku ya kultiri jenerali, na siku za sayansi, za lugha, na za masomo ya opsyo ambayo kila mmoja aliyachagua. Siku nne, asubuhi nne za kuvaa shati nyeupe na kutoka nyumbani kabla jua halijapanda.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mama mmoja aliniletea binti yake. Akasema, «Baba shemasi, huyu hali, halali, umwombee.» Nikamwuliza binti: unaogopa nini? Akanyamaza. Nikamwuliza tena kwa upole. Akasema, «Ninaogopa kwamba nitafungua karatasi na kichwa kitakuwa cheupe.» Mama yake akamkatiza hapohapo: «Usiseme hivyo, hilo ni shetani, mtoto wa Mungu haogopi!» Binti akafunga kinywa, na nikaona kwamba hofu haikutoka, ilirudi ndani tu.

Usiku huo niliketi nikaandika beti nne. Mimi si mshairi. Niliishia diplomi ya sekondari na kazi yangu ni duka dogo na ushemasi. Lakini nilihesabu silabi kwa vidole, 8 kila upande, ili kila mstari uwe na mahali pa kupumua katikati. Mtu mwenye hofu hupumua kwa kifupi, kwa juu ya kifua. Shairi lenye kituo humlazimisha avute pumzi. Jaribuni kulisoma kwa haraka mtaona linakataa.

Ubeti ni mmoja kwa kila asubuhi. Siku ya kwanza unasema wa kwanza, siku ya pili unasema wa kwanza na wa pili, hivyo hivyo mpaka siku ya nne useme zote. Huu ni wa kwanza:

Nimeamka usiku, moyo wangu unapiga,
Vitabu vya kila siku kichwani vimeniaga,
Natetema kama kuku, mvua inapomwaga,
Bwana, uje huku huku, kwa mtoto mwenye woga.

Najua mtaniuliza, kama alivyoniuliza mzee mmoja nilipomsomea: «Shemasi, siku ya kwanza kabisa unampa mtoto maneno ya woga? Imani iko wapi?» Imani iko katika mstari wa nne. Lakini haiwezi kuwa katika mstari wa kwanza, juu mtoto hayuko pale bado. Fungueni Zaburi ya 13. Ni mistari sita tu. Daudi anaanza kwa kumwuliza Mungu mpaka lini, na anauliza mara nne kabla hajaomba kitu chochote. Halafu anaomba. Halafu, mwishoni kabisa, anaimba. Kama mtu angemkataza asianze kwa malalamiko yake, asingefika kwenye wimbo. Mungu hakumkatiza kama mama yule alivyomkatiza binti yake.

Tena, hofu hii ya eksameni haiko peke yake nyumbani mwetu. Tangu Oktoba 2014 mauaji yalipoanza kuzunguka Beni, tuna watoto waliokimbia Eringeti, Mbau na vijiji vya kando ya Oicha, wanaosoma leo katika masomo ya watu wengine, wakilala kwa jamaa, wanane katika chumba kimoja. Mwaka 2021 wanafunzi wa Beni waliacha kalasi wakaenda kukaa kwenye meri, wakidai amani. Mtoto wa namna hiyo akisikia mlango unagongwa usiku anashtuka. Kumwambia «usiogope» ni kumwambia asiwe na masikio. Afadhali aseme: ndiyo, moyo wangu unapiga. Halafu amwite Bwana aje huku huku aliko, si mahali pengine ambapo watu hawaogopi.

Prefe mmoja, rafiki yangu, aliniambia kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, kule Amerika, waliandika mwaka 2011 kwamba wanafunzi walioandika hofu zao kwenye karatasi kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko wengine. Akaongeza kwa uaminifu kwamba baadaye wengine walijaribu jambo lile lile na hawakuona tofauti. Basi siwauzii kama dawa. Ninasema tu kwamba kumziba mtoto kinywa sijaona kumsaidie mtu.

Ubeti wa pili ni wa asubuhi ya pili:

Kumbuka uliposoma, kwa taa ukijikaza,
Mafuta yalipokoma, mwezi ukakuangaza,
Na shamba ulipolima, masomo ukayawaza,
Hayo hayajakuhama, kwa muda yamejilaza.

Hapa niwaeleze jambo lililonipata mimi mwenyewe. Asubuhi ya eksameni yangu ya Leta nilisoma swali la kwanza mara kumi. Maneno niliyaona, maana sikuiona. Nikatazama dirisha, nikasema katika moyo: miaka sita imekwisha bure, na mbuzi wa baba amekwenda bure. Juu baba aliuza mbuzi ili nilipiwe. Mkono ulikuwa na jasho hata biki ikateleza. Kilichonitoa pale hakikuwa ushujaa. Macho yalichoka na swali la kwanza, yakaanguka chini kwenye swali la tano, na swali la tano lilikuwa jambo ambalo mwalimu alitueleza siku ambayo mvua ilivuja ndani ya kalasi, tukabeba madawati kando. Nilikumbuka mvua kwanza. Halafu nikakumbuka dawati. Halafu jibu likaja lenyewe, kama mtu aliyekuwa amelala na sasa anaamka. Nikajibu la tano, nikajibu la nane, na niliporudi kwenye la kwanza nililijua.

Kwa sababu hiyo ubeti wa pili hausemi kwamba mtoto ni mwenye akili. Hiyo sifa haimsaidii. Wakati wa hofu hataiamini. Unamkumbusha mambo ambayo yametendeka kweli: taa, mafuta yaliyokwisha, shamba la maharagwe ambako alirudia kanuni za kemia akiwa na jembe mkononi. Hayo hawezi kuyakana, alikuwepo. Kila mtoto abadilishe picha ikiwa yake ni nyingine. Kama alisoma kwa tochi ya simu, aseme tochi, ingawa mizani itavunjika kidogo. Mungu hahesabu silabi.

Na hapa kuna onyo. Yule ambaye hakusoma, ubeti huu utampita. Hakuna kilichojilaza. Kila mwaka mnaniona nikishika kikapu mbele ya madhabahu, tunaweka biki za wafinalisti ndani yake, nabii wetu anaziombea. Ni jambo jema na nitalifanya tena. Lakini biki iliyoombewa inaandika kile ambacho mkono unakijua. Mwaka fulani kijana mmoja alileta biki tatu ziombewe na hakuleta daftari hata moja nyumbani mwaka mzima. Majibu yalipotoka alikasirikia kanisa.

Karibu na hilo, niseme pia juu ya wale wanaouza majibu kwa simu usiku, wakisema yametoka Kinshasa. Wazazi, makuta yenu! Ndani ya kalasi moja maswali yana seri mbalimbali. Jirani wa kushoto ana karatasi ambayo si sawa na ya jirani wa kulia. Mtoto anayebeba kichwani majibu ya kununua hajui hata kama ni ya seri yake, na simu ikikamatwa ndani anatolewa nje. Usiku aliotumia kukariri uongo ndio usiku aliohitaji kulala. Na nimeona tena kwamba hofu ya mwenye majibu ya kununua ni kubwa kuliko ya wengine, kwa kuwa hana kitu chake mwenyewe cha kukumbuka.

Asubuhi ya tatu ndiyo ngumu kwa mwili. Macho yamechoka, na jioni ya siku ya pili watoto wamekaa njiani wakilinganisha majibu: wewe uliweka mbili, mimi niliweka nne. Kulinganisha huko kumeangusha wengi. Karatasi ya jana imekwenda, hairudi. Kinachobaki ni huzuni tu ya kubeba mpaka kesho. Kwa hiyo ubeti wa tatu unahusu ni nani unatembea naye:

Gideoni, yu gizani, hakwenda bila rafiki,
Wakashukia kambini, na Pura, hawakubaki,
Sitaingia chumbani peke yangu, sitoroki,
Wanaoomba nyumbani wapo nami, hawatoki.

Tunapenda kuhubiri Gideoni wa wale watu 300. Mimi ninampenda zaidi Gideoni wa usiku ule kabla ya vita. Someni Waamuzi sura ya 7, kuanzia mstari wa 9. Huyu ni mtu ambaye katika sura ya 6 alikuwa akipura ngano kwa kujificha ndani ya shinikizo la zabibu, ili adui wasimwone. Mungu anamwamuru ashuke kambini. Halafu Mungu anaongeza neno la ajabu: ikiwa unaogopa, shuka na Pura, mtumishi wako. Hakumkemea. Hakumwambia subiri mpaka woga uishe. Alimpa mwenzake wa kwenda naye, na maandiko yanaonyesha kwamba Gideoni alikwenda naye, maana yake alikuwa anaogopa kweli.

Na kule chini walisikia nini? Askari wa adui anamsimulia mwenzake ndoto: mkate wa shayiri umebingirika mpaka kambini ukaangusha hema. Shayiri ni chakula cha maskini, kama vile sisi tungesema mkate wa muhogo. Yaani adui naye alikuwa halali. Gideoni alipolisikia hilo alisujudu, akarudi, akawaamsha watu. Alishuka na woga akapanda na moyo, na katikati hakuna muujiza wa moto wala wa sauti. Kuna mwenzake na kuna maneno waliyoyasikia pamoja.

Wafinalisti, tafuteni kila mmoja Pura wake. Si lazima awe mwerevu. Awe mtu wa kutembea naye njia ya kwenda na ya kurudi, ambaye mmekubaliana naye kwamba eksameni ya siku hiyo haizungumziwi mpaka siku ya nne iishe. Ndani ya kalasi mtakaa mbalimbali, na Pura haruhusiwi kukupa jibu. Huo ni wizi na unajua. Lakini ukiinua macho ukaona mgongo wake kwenye dawati la mbele, nawe unajua alikula uji uleule asubuhi, kifua kinapungua uzito.

Wazazi, na ninyi mna sehemu. Mnasema usiku kucha, «Tumeuza kahawa kwa ajili yako, usituaibishe.» Ni kweli mmeuza. Mtoto anajua, yeye ndiye aliyewasaidia kukausha. Wiki hii nyamazeni juu ya kahawa. Mpeni chakula, mpeni kitanda kizuri hata kama mdogo wake atalala chini siku nne, na msimtume maji alfajiri. Kisha mfanye kile ubeti unachosema, muombe kweli, saa ile ile akiwa ndani. Msimfanye awe mwongo anaposema hamtoki.

Ubeti wa nne:

Mlango umefunguka, naingia na kukaa,
Karatasi naishika, jina langu linang'aa,
Swali gumu nitaruka, jepesi nitalitwaa,
Hata woga ukifika, utanikuta na taa.

Mtaona kwamba huyu wa mwisho hauna maneno makubwa. Hausemi nitashinda, wala nitapata asilimia 80. Kupita ni 50, na wengi wetu tulipita kwa 50 na kitu, tukamwagiwa unga kichwani kama wengine. Ubeti huu unasema matendo tu: naingia, nakaa, nashika, naruka, natwaa. Moyo wa mtu unatulia wakati mikono ina kazi ya kufanya.

Lakini kuruka swali kuna mtego wake, na lazima niueleze vizuri. Majibu hamwandiki chini ya maswali. Mnayaweka kwenye karatasi yake ya majibu, ambako kila swali lina mstari wake. Dada mmoja wa kwaya yetu, miaka iliyopita, aliruka swali la 6 lililomshinda. Akajibu la 7. Lakini mkono wake, ambao ulikuwa unakwenda mfululizo, uliweka jibu la 7 kwenye mstari wa 6, la 8 kwenye mstari wa 7, na hivyo hivyo kushuka. Aligundua mwishoni, alipoona maswali yamekwisha na mstari mmoja bado ni mtupu. Hapo ndipo hofu ilipomrudia yote, kwa nguvu kuliko ya asubuhi.

Alifanyaje? Anasema aliweka biki chini kabisa, akasema moyoni mstari mmoja wa zaburi anayoipenda, akarudi kwenye swali la 6 na kushuka moja moja, kidole cha kushoto kwenye swali, cha kulia kwenye mstari wake. Sirveyan alikuwa tayari anawahimiza watu wamalize. Alirekebisha mengi, si yote. Alipita mwaka ule, kwa alama chache juu ya nusu.

Basi ukiruka swali, ruka na mstari wake. Weka kidole pale. Na kila baada ya maswali matano hivi, simama kidogo utazame: namba ya swali na namba ya mstari zinaitana? Hilo ndilo nililotaka kusema kwa neno «taa» mwishoni. Watu 300 wa Gideoni walibeba mienge ndani ya mitungi, na usiku ulikuwa bado usiku. Woga unaweza kukurudia katikati ya siku ya nne, kama ulivyomrudia dada huyu. Ukija, ukukute unajua la kufanya.

Kuna wachache kati yetu ambao hawako katika iniforome: wale wanaojiandikisha kama otodidakti, watu wazima, na mmoja wao ana wajukuu. Beti hizi ni zenu pia. Msione haya kuketi pamoja na watoto. Wao wanawaogopa ninyi kuliko mnavyowaogopa.

Na yule ambaye matokeo yatatoka na jina lake halimo, nitakuja nyumbani kwake mimi mwenyewe kabla sijaenda kwa waliomwagiwa unga. Tutaanza tena na ubeti wa kwanza.

Jumapili hii wafinalisti wote wakae viti vya mbele, upande wa kwaya. Binti yule niliyemtaja amekubali kusema ubeti wa kwanza kwa sauti yake mwenyewe, na mama yake amekubali kumwacha. Ubeti wa pili utasemwa na wafinalisti wote, wa tatu na wazazi, wakibadilisha «peke yangu» kuwa «peke yako», na wa nne na kanisa lote tukiwa tumesimama. Kila mmoja alete biki mbili za buluu, aziandike jina kwa kipande cha karatasi, juu mwaka jana zilichanganyika kikapuni. Ibada itaanza saa tatu.